Kutunza Funguo za Akaunti ya Sarafu za Kidijitali Unapotumia Roboti ya Biashara

Mteja wa soko la sarafu za kidijitali anapoamua kutumia roboti, yaani programu inayonunua na kuuza kwa niaba yake usiku na mchana, roboti hiyo haiingii katika akaunti kwa jina na nywila kama yeye mwenyewe afanyavyo. Hupewa jozi ya maandishi marefu yanayotengenezwa na soko. Andiko la kwanza huonekana kwenye skrini kwa jina la `API Key`, nalo hufanya kazi kama namba ya kitambulisho: huliambia soko ni akaunti ipi inayozungumza. La pili huitwa `Secret Key`, nalo hufanya kazi ya muhuri. Kila agizo ambalo roboti hupeleka hugongwa muhuri huo kwa njia ya hesabu, na soko likiona kwamba muhuri ni sahihi, hutekeleza agizo bila kuuliza zaidi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatiwa. Msimbo wa uthibitisho unaotumwa kwenye simu hauulizwi. Nywila haiulizwi. Mtu yeyote aliyeipata jozi hiyo, awe ni mwizi aliye nchi ya mbali au fundi aliyeitengeneza roboti, anaweza kufanya katika akaunti kila jambo ambalo ufunguo umeruhusiwa kulifanya, na kumbukumbu za soko zitaonyesha kwamba mwenye akaunti ndiye aliyeagiza. Kwa sababu hiyo, usalama wa mteja hutegemea mambo mawili: ufunguo umeruhusiwa kufanya nini, na umehifadhiwa wapi. Katika makala haya tunaanza na ruhusa, kwa kuwa ndizo zinazoamua ukubwa wa hasara siku ambayo uhifadhi utakaposhindwa.

Ruhusa zinazotolewa siku ya kutengeneza ufunguo

Masoko makubwa hutenganisha ruhusa za ufunguo katika visanduku ambavyo mteja huviwekea alama au huviacha wazi. Tutatumia mfano wa Binance kwa sababu wengi wanaufahamu ukurasa wake. Masoko mengine yana visanduku vya namna hiyo hiyo, ingawa majina hutofautiana.

Cha kwanza ni `Enable Reading`, yaani kusoma salio na historia ya maagizo. Ufunguo wenye ruhusa hii peke yake hauwezi kuhamisha hata senti moja, nao unatosha kabisa kwa programu za kutunza hesabu au kukokotoa kodi. Cha pili ni `Enable Spot & Margin Trading`, ambacho huruhusu kununua na kuuza. Roboti ya kawaida huhitaji hivi viwili tu.

`Enable Withdrawals` ndicho kisanduku cha kutoa fedha nje ya soko. Hakuna mkakati wa kununua na kuuza ndani ya soko moja unaokihitaji. Muuzaji wa roboti akimwambia mteja kwamba programu yake haitafanya kazi pasipo ruhusa hii, ama anataka kitu kingine kisichokuwa biashara, ama programu yake imetengenezwa kwa uzembe. Kwa vyovyote vile mteja asiendelee naye. Binance yenyewe haikubali kisanduku hiki kiwekewe alama mpaka mteja awe amefunga ufunguo kwa anwani maalumu za IP, na hilo peke yake laonyesha jinsi soko linavyoiona hatari yake.

Kuna ruhusa nyingine ambazo hazina neno la kutoa fedha katika majina yake, na kwa hiyo wateja huzipita bila kuzitazama. `Permits Universal Transfer` huruhusu kuhamisha fedha kutoka pochi moja kwenda nyingine ndani ya soko, kwa mfano kutoka pochi ya akiba kwenda pochi ya biashara. Mteja aliyetenga akiba yake akidhani kwamba roboti haiifikii hugundua baadaye kwamba ukuta alioujenga ulikuwa na mlango. `Enable Futures` nayo huruhusu mikataba ya bei ya baadaye, ambako mtu huweza kushika mzigo mkubwa kuliko fedha alizo nazo. Ikiwa roboti haifanyi biashara ya aina hiyo, kisanduku hiki kibaki wazi.

Kufunga mlango wa kutoa fedha hakutoshi

Vijitabu vingi vya masoko huishia hapo. Humwambia mteja asitoe ruhusa ya kutoa fedha, kisha humwacha akiamini kwamba yuko salama. Matukio mawili yanayojulikana hadharani yanaonyesha kwa nini tunaona ushauri huo ni nusu tu ya kazi.

La kwanza lilitokea Binance tarehe 7 Machi 2018. Wezi walikuwa wamekusanya nywila za wateja kwa kutumia tovuti bandia zilizofanana na ile ya soko. Walipoingia katika akaunti hawakuchukua kitu. Walitengeneza funguo za API kimyakimya, wakaondoka na kusubiri. Siku hiyo, katika muda wa dakika mbili, funguo hizo zilitoa maagizo mengi ya kununua Viacoin, sarafu ndogo isiyokuwa na wanunuzi wengi. Bei ilipanda ghafla, na akaunti 31 zilizokuwa zimeandaliwa mapema zikauza Viacoin katika bei hiyo ya juu. Mitambo ya soko ilizuia fedha zisitolewe, na mpango haukufaulu. Lakini njia ilikwishaonekana: mwizi hahitaji ruhusa ya kutoa fedha katika akaunti ya aliyeibiwa. Huhitaji ruhusa ya kununua na kuuza, kisha yeye mwenyewe hukaa upande wa pili wa biashara.

La pili lilitokea mwaka 2022, nalo liliwahusu wateja wa 3Commas, kampuni inayotoa huduma ya roboti. Mnamo Oktoba baadhi ya wateja waliokuwa na akaunti katika soko la FTX waliona kwamba akaunti zao zilikuwa zimenunua na kuuza DMG, sarafu ambayo hawakuwahi kuigusa. Kampuni ilisema kwanza kwamba wateja walinaswa na tovuti bandia. Soko la FTX liliahidi kufidia takriban dola milioni 6, na mwezi uliofuata lenyewe likaanguka kwa sababu nyingine. Kisha, mwishoni mwa Desemba, funguo za wateja zikaanikwa hadharani, na mkuu wa kampuni akakiri kwamba ni za kweli. Waliopoteza fedha hawakuwa wote wazembe. Wengi walikuwa wamefuata ushauri wa kawaida, na ruhusa ya kutoa fedha walikuwa wameifunga.

Tuonyeshe kwa hesabu jinsi wizi huu unavyofanyika. Chukua mteja mwenye USDT 1,000 katika akaunti, na ufunguo usioweza kutoa fedha. Mwizi aliyepata ufunguo huo huchagua sarafu ndogo inayouzwa kwa USDT 0.05. Kwa akaunti yake mwenyewe hununua sarafu 2,000 kwa USDT 100, kisha huziweka sokoni kwa bei ya 0.44, bei ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeilipa. Kati ya bei ya kawaida na bei yake kuna wauzaji wengine wachache, tuseme wenye sarafu za USDT 120 kwa jumla, kwa wastani wa 0.055.

Sasa hutumia ufunguo wa mteja kutoa agizo moja: nunua kwa bei iliyopo sokoni, kwa USDT zote 1,000. Agizo la namna hiyo halichagui bei. Humaliza kwanza wauzaji wadogo, likilipa USDT 120 na kupata sarafu zipatazo 2,180. Kisha hufika kwa mwizi na kumlipa USDT 880 kwa sarafu zake 2,000. Mteja amebaki na sarafu zipatazo 4,180 ambazo, bei ikirudi 0.05, zina thamani ya USDT 209, na akijaribu kuziuza zote kwa pamoja atapata pungufu ya hapo. Mwizi alitoa 100, amepokea 880, naye huzitoa katika akaunti yake mwenyewe kwa ruhusa yake mwenyewe. Kazi yote huchukua sekunde chache, na hakuna fedha iliyotolewa katika akaunti ya mteja kwa maana ambayo soko hulipa neno hilo.

Vizuizi vitatu vinavyoziba pengo hilo

Kizuizi chenye nguvu kuliko vyote ni kuufunga ufunguo kwa anwani ya IP. Katika ukurasa ule ule wa ruhusa kuna chaguo la `Restrict access to trusted IPs only`. Mteja akiandika humo anwani ya kompyuta inayoendesha roboti, soko litakataa agizo lolote linalotoka kwingineko, hata likiwa na muhuri sahihi. Ufunguo ulioibiwa huwa hauna faida kwa mwizi mpaka aingie pia katika kompyuta hiyo.

Ugumu wake ni kwamba laini nyingi za intaneti za nyumbani na za simu hazina anwani ya kudumu. Anwani hubadilika modemu inapozimwa na kuwashwa, na kwa laini za simu mara nyingi anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Mteja akiiandika anwani aliyo nayo leo, kesho roboti itakataliwa, na akichoka na usumbufu huo ataliondoa sharti lote. Suluhisho ni kuiendesha roboti katika seva ya kukodi yenye anwani isiyobadilika. Anayetumia kampuni ya roboti badala ya programu yake mwenyewe aiombe kampuni orodha ya anwani zake na kuziandika hizo. Lakini aelewe mpaka wa kinga hii: inamlinda dhidi ya mwizi aliyeondoka na funguo, haimlindi dhidi ya mwizi aliyeingia katika seva za kampuni na kutoa maagizo kutokea humo humo.

Kizuizi cha pili ni kuitengea roboti akaunti ndogo, pale ambapo soko hutoa huduma hiyo. Mteja mwenye USDT 5,000 ambaye mkakati wa roboti yake unahitaji 600 hana sababu ya kuuweka ufunguo mahali unapozifikia zote. Ufunguo ukitengenezwa ndani ya akaunti ndogo, hauoni kilichomo katika akaunti kuu. Hapa hasara ya juu kabisa huamuliwa na mteja kabla ya mwizi kufika, na sisi tunaona kwamba hii ndiyo hatua ambayo wateja wadogo huipuuza pasipo sababu, kwani haigharimu chochote.

Cha tatu ni orodha ya sarafu zinazoruhusiwa. Masoko kadhaa humwezesha mteja kuufunga ufunguo usinunue wala kuuza isipokuwa jozi alizozitaja, kwa mfano `BTCUSDT` na `ETHUSDT` peke yake. Wizi tulioueleza hutegemea sarafu ndogo, kwa sababu bei ya bitikoini haiwezi kusukumwa mara nane kwa USDT 1,000. Orodha hiyo hukata mzizi wa mbinu yenyewe.

Mahali pa kuuweka muhuri

Soko huionyesha `Secret Key` mara moja tu, siku inapotengenezwa. Ukurasa ukifungwa haionekani tena, na aliyeipoteza hana budi kufuta ufunguo na kutengeneza mwingine. Utaratibu huo ni mzuri, lakini huwasukuma watu kwenye kosa: kwa hofu ya kuipoteza, mteja hupiga picha ya skrini, au hujitumia ujumbe wa WhatsApp, au huibandika katika barua pepe. Picha ile hupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya simu, na ujumbe ule hubaki katika kila kifaa kilichounganishwa na akaunti ya mteja. Hakuna haja ya hofu hiyo. Ufunguo uliopotea si hasara, kwa kuwa kutengeneza mwingine huchukua dakika tano. Unaohitaji kuogopwa ni ufunguo wenye nakala katika mahali pasipojulikana.

Kwa hiyo ufunguo ukaliwe na mahali pamoja tu: kompyuta inayoendesha roboti. Mteja akitaka nakala, aitunze katika programu ya kuhifadhi nywila iliyofungwa kwa nywila kuu.

Anayeiandika roboti mwenyewe asiuweke muhuri ndani ya msimbo wa programu. Msimbo husafiri: hutumwa kwa rafiki anayesaidia kurekebisha kosa, hupandishwa kwenye hazina ya mtandaoni, hunakiliwa. Funguo ziwekwe katika faili ya pembeni, ambayo kwa desturi huitwa `.env`, nayo programu izisome kutoka humo.

```
API_KEY=andika_hapa
API_SECRET=andika_hapa
```

Katika seva ya Linux, amri mbili zifuatazo hufanya kazi iliyobaki. Ya kwanza huzuia watumiaji wengine wa seva wasiisome faili. Ya pili huiambia Git isiichukue pamoja na msimbo.

```
chmod 600 .env
echo ".env" >> .gitignore
```

Amri ya pili itolewe kabla faili haijaingia katika hazina. Ikiwa imekwisha kuingia hata mara moja, kuifuta baadaye hakusaidii, kwa sababu Git hutunza historia ya kila kilichowahi kuwekwa, na zipo programu zinazozunguka hazina za wazi zikitafuta maandishi yenye sura ya funguo. Ufunguo uliowahi kuonekana hadharani, hata kwa dakika moja, uhesabiwe kuwa umeibiwa na ufutwe.

Kuhakikisha kwamba yaliyofungwa yamefungwa

Mteja asitegemee kumbukumbu yake juu ya visanduku alivyoviacha wazi miezi sita iliyopita. Binance hutoa njia ya kuuliza ruhusa za ufunguo kwa anwani ya `GET /sapi/v1/account/apiRestrictions`. Anayejua kuandika programu huweza kuiagiza roboti iulize kila inapoanza, na ikatae kufanya kazi ikiwa majibu hayako hivi:

```
"ipRestrict": true,
"enableReading": true,
"enableSpotAndMarginTrading": true,
"enableWithdrawals": false,
"permitsUniversalTransfer": false,
"enableFutures": false
```

Asiyejua hufungua ukurasa wa `API Management` na kutazama kwa macho. Akiwa hapo ahesabu funguo zilizoorodheshwa. Katika tukio la 2018 wateja wengi wangeugundua wizi kabla ya kufanyika, kwani funguo ambazo hawakuzitengeneza zilikaa katika ukurasa huo zikisubiri siku. Ufunguo usiojulikana ni dalili kwamba mtu ameingia kwa nywila, si kwamba ufunguo wa roboti umevuja, na tiba yake huanzia kwenye nywila na uthibitisho wa hatua mbili.

Dalili ya ufunguo wa roboti kuvuja huonekana kwingine, katika historia ya maagizo. Humo mteja atafute jozi ya sarafu ambayo roboti haikupangiwa, au agizo la bei ya sokoni ilhali roboti yake hutoa maagizo ya bei maalumu peke yake. Wakati mwingine mwizi hujaribu kwanza kwa agizo dogo la dola chache ili aone kama ufunguo ungali hai. Agizo hilo dogo lisidharauliwe.

Ufunguo ukivuja

Mpangilio wa hatua una maana hapa. Hatua ya kwanza ni kuufuta ufunguo katika ukurasa wa soko lenyewe. Kuizima roboti au kuiondoa akaunti katika tovuti ya kampuni ya roboti hakumzuii mwizi, kwa kuwa ufunguo huishi sokoni na yeye anao wake. Hatua ya pili ni kufuta maagizo yaliyo wazi. Ufunguo ukifutwa, maagizo yaliyokwisha kuwekwa huendelea kusimama sokoni na huweza kutekelezwa saa kadhaa baadaye. Ndipo mteja abadilishe nywila, aichunguze kompyuta iliyokuwa na ufunguo, na mwishowe, baada ya kujua ulivujia wapi, atengeneze mwingine.

Kabla ya kuwasilisha malalamiko kwetu au kwa soko, mteja apakue historia kamili ya maagizo pamoja na kumbukumbu ya kuingia katika akaunti, na asiitume picha ya skrini badala yake, kwani namba za maagizo hazionekani zote katika picha. Aeleze pia ni maagizo yapi anayoyakana. Historia nyingi za masoko huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu; agizo lililoandikwa 23:40 tarehe 4 lilifanyika kwetu saa nane na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 5, na malalamiko yanayotaja tarehe isiyolingana na kumbukumbu za soko huchelewa kushughulikiwa.